SOMO LA BIASHARA: Kumwandikia muuzaji kuhusu bei – ukali haupunguzi, hesabu hupunguza

Kila mwaka kati ya Januari na Aprili, kabla mavuno ya Mbarali hayajaingia sokoni mwezi Mei, bei ya mpunga hupanda na ya mchele hufuata. Katika miezi hiyo wafanyabiashara wa jumla wa Dar es Salaam huwaandikia wenye mashine za kukoboa ujumbe mwingi wa simu kuliko wakati mwingine wowote. Sehemu kubwa ya ujumbe huo ni malalamiko, vitisho na kuharakishana. Aghalabu matokeo yake ni kwamba bei haishuki, na mali kauli iliyokuwapo inakatwa.

Somo la wiki hii linachukua mfano mmoja tu na kuufuata hadi mwisho. Ni mfanyabiashara wa mchele mwenye duka la jumla Tandika, ambaye kila mwezi hununua magunia 60 ya kilo 100, yaani kilo 6,000, kwa mzee mwenye mashine ya kukoboa Ubaruku, wilayani Mbarali. Takwimu zilizotumika ni za mfano, ili msomaji aweze kuweka za kwake mahali pake.

Makubaliano ya wawili hao ni ya siku nyingi. Nusu ya fedha hulipwa mzigo unapopakiwa, na nusu iliyobaki baada ya siku 30. Mwezi uliopita bei ya mashineni ilikuwa sh. 2,100 kwa kilo. Mwezi huu mzee ametangaza sh. 2,400.

UJUMBE WA KWANZA: TUHUMA NA TISHIO

Mama huyo, alipopata habari ya bei mpya, aliandika hivi:

"Mzee mbona unatuumiza hivyo? Sh. 2,400 ni bei gani hiyo? Jirani yako anauza 2,250. Rudisha bei ya zamani au mimi nahamia kwingine. Nataka jibu leo leo kabla ya saa kumi."

Jibu lilikuja jioni, nalo lilikuwa fupi: "Sawa mama. Malizia kwanza deni langu, halafu uende huko kwenye nafuu."

Watu wengi wakisoma jibu hilo husema mzee ana kiburi. Ukilitazama kwa macho ya muuzaji, ni jibu la mtu aliyeogopa. Mama bado anadaiwa nusu ya pili ya mzigo wa mwezi uliopita, yaani sh. 6,300,000. Mdaiwa anaposema "nahamia kwingine", anayedai hasikii habari ya bei. Anasikia kwamba fedha zake ziko hatarini. Hatua yake ya kwanza itakuwa kuzikusanya, na ya pili kufunga mali kauli. Bei haitazungumzwa tena.

Hilo ndilo kosa kubwa la ujumbe ule, lakini yako mengine matatu. Neno "unatuumiza" linamtuhumu mzee kabla hajaulizwa sababu, hivyo analazimika kujitetea badala ya kueleza. Bei ya jirani imetajwa bila daraja la mchele, na mchele wenye chenga nyingi huwa na bei ya chini siku zote. Mzee anajua hivyo, na kwake hoja hiyo haina uzito. Mwisho, saa kumi imewekwa bila sababu. Muda usio na sababu unaonekana kuwa amri, na mtu mzima haamrishwi na mteja anayemdai.

HESABU KABLA YA KUANDIKA

Ujumbe mzuri hautokani na maneno laini. Unatokana na hesabu iliyofanywa kabla ya kushika simu. Mama anahitaji kujua mambo mawili: kwa nini bei imepanda, na yeye mwenyewe anaweza kulipa hadi wapi.

Jambo la kwanza hupatikana kwenye bei ya mpunga. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam hana shida ya kuijua. Madereva wa Fuso wanaotoka Igawa na Ubaruku huijua, wanunuzi wenzake huijua, na wizara inayoshughulikia biashara hutoa bei za jumla za mchele kwa masoko ya mikoa, ambazo husaidia kuona mwelekeo. Katika mfano huu mpunga umetoka sh. 1,200 hadi sh. 1,350 kwa kilo, yaani umeongezeka sh. 150.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Husema mpunga umepanda 150, basi na mchele ungepanda 150, na hivyo mzee amewaibia 150 nyingine. Sivyo. Kilo 100 za mpunga hazitoi kilo 100 za mchele. Mashine nzuri hutoa kama kilo 65, na nyingine yote ni makapi, pumba na vumbi. Kwa hiyo ili kupata kilo moja ya mchele, mzee ananunua zaidi ya kilo moja na nusu ya mpunga. Ukigawa 150 kwa 0.65 unapata kama sh. 230. Hilo ndilo ongezeko la kilo ya mchele linalotokana na mpunga peke yake.

Bei ya mzee imepanda sh. 300. Ukitoa 230, inabaki sh. 70 ambayo mpunga hauielezi. Hiyo 70 ndiyo ya kuuliza. Anayedai bei ya zamani ya 2,100 anamwomba mzee auze kwa hasara, na mzee hawezi kukubali hata akitaka.

Hesabu hii ina mipaka yake. Mashine ndogo na kuukuu inaweza kutoa kilo 60 tu kwa kila 100, na hapo ongezeko linalotokana na mpunga linafika sh. 250. Aidha, mwenye mashine huuza pumba na chenga, na mapato hayo hufidia sehemu ya gharama za kukoboa. Ndiyo maana sh. 70 iandikwe kama swali wala isiwe shtaka.

Jambo la pili ni kikomo cha mnunuzi mwenyewe. Pale Tandika mchele wa daraja hilo unauzwa kwa jumla sh. 2,750. Kusafirisha kutoka Ubaruku, safari ya kama kilometa 700, kunamgharimu sh. 120 kwa kilo. Kupakia, kupakua na ushuru ni sh. 30. Uzito unaopotea njiani na dukani, kama asilimia moja, ni sh. 24. Pango la duka, mlinzi na vijana wa kazi ni sh. 100. Jumla ni sh. 274. Faida ambayo chini yake hataki kufanya kazi ni sh. 80 kwa kilo. Ukitoa vyote kwenye 2,750, unapata kuwa bei ya juu kabisa anayoweza kulipa mashineni ni karibu sh. 2,395.

Kwa hiyo sh. 2,400 inazidi kikomo chake kwa sh. 5 tu. Mama aliyeandika kwa hasira kana kwamba anafilisika alikuwa sh. 5 kutoka kwenye bei anayoweza kuibeba. Kama angejua, asingetishia kuhama.

KITU CHA KUTOA

Anayeomba bei ipunguzwe bila kutoa kitu anaomba sadaka. Mama ana kitu ambacho mzee anakihitaji sana mwezi Januari, nacho ni fedha taslimu. Wakati huu mpunga unazidi kuwa haba na kupanda bei, na mwenye mashine asiye na fedha mkononi anawaona wenzake wakiununua.

Lakini fedha taslimu nazo zina bei. Ili alipe mzigo wote siku ya kupakia, mama atahitaji kukopa nusu ya thamani, kama sh. 7,050,000, kwenye chama chake cha kuweka na kukopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Riba hiyo ni sh. 211,500, au karibu sh. 35 kwa kila kilo ya mchele. Maana yake ni kwamba akilipa taslimu, kikomo chake kinashuka kutoka 2,395 hadi kama 2,360. Punguzo lolote lililo chini ya sh. 35 linampa hasara ikilinganishwa na kuendelea na mali kauli. Wafanyabiashara wengi hufurahia punguzo la sh. 20 kwa kulipa taslimu, na hawatambui kwamba wamelinunua kwa sh. 35.

Sasa mama ana namba tatu zilizoandikwa kwenye daftari lake: sh. 2,320 ya kuanzia, sh. 2,360 ya mwisho akilipa taslimu, na sh. 2,395 ya mwisho kwa mali kauli. Mbili za mwisho hazimwambii mtu.

UJUMBE WA KWANZA ULIOANDIKWA UPYA

"Shikamoo mzee. Natumaini hujambo pamoja na wa nyumbani. Mzigo wa mwezi uliopita ulikuwa safi na uzito ulikuwa sawasawa, ahsante. Ile nusu ya pili, sh. 6,300,000, naiweka benki kesho Jumanne kama tulivyokubaliana.

Kuhusu bei mpya ya 2,400: naelewa mpunga umetoka 1,200 hadi 1,350, na kwa hesabu yangu hapo mchele unapanda kama 230 kwa kilo. Ile 70 inayobaki sijaielewa, naomba unifafanulie.

Kwa upande wangu, mwezi huu naweza kulipa magunia yote 60 taslimu, mzigo ukishapimwa na kabla gari halijaondoka. Kwa malipo hayo naomba bei iwe 2,320, daraja lile lile la mwezi uliopita. Fuso linatoka Alhamisi jioni, hivyo nikipata jibu lako Jumatano kabla ya saa kumi nitawahi kuchukua fedha."

Ujumbe huu una heshima, lakini ni mgumu kuliko ule wa kwanza. Deni limetangulia, na hofu ya mzee imeondoka kabla bei haijatajwa. Deni halikutumiwa kama silaha wala kufichwa. Kupanda kwa mpunga kumekubaliwa waziwazi, na kwa hiyo mzee hana haja ya kuhutubia juu ya ugumu wa maisha. Anabaki na swali moja la sh. 70, ambalo ni lazima alijibu kwa namba. Ombi la 2,320 limefungwa kwenye sharti la kulipa taslimu, hivyo mzee hawezi kuichukua bei hiyo na kuiacha pembeni kama kelele. Saa kumi ni ile ile, ila sasa ina sababu, na mzee anaijua ratiba ya Fuso kuliko mtu yeyote.

Maneno "mzigo ukishapimwa na kabla gari halijaondoka" yasiachwe. Anayetuma fedha zote kabla ya mizani amekabidhi nguvu yake yote kwa muuzaji, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

UJUMBE WA PILI: KUMSUKUMA ASIYEJIBU

Siku ya Jumanne ikapita kimya. Kwa desturi, hapa ndipo ujumbe wa pili hutumwa:

"Mzee mbona hujibu? Nimekupigia mara tano. Unadharau wateja siku hizi kwa sababu umeshapata fedha. Kama hutaki biashara sema."

Mzee anaweza kuwa vijijini akinunua mpunga, mahali ambapo simu haishiki. Akirudi usiku na kukuta simu tano na maneno hayo, anajua jambo moja kwa hakika, kwamba mama ana shida kubwa ya mzigo. Mteja mwenye shida hapunguziwi bei. Kwa hiyo ujumbe huo, pamoja na kukosa adabu, unatoa siri ya biashara. Neno la kwamba "umeshapata fedha" ni baya zaidi, kwa kuwa kulipa deni kulikuwa wajibu wala si fadhila.

Uandikwe hivi, mara moja tu, Jumatano asubuhi:

"Shikamoo mzee. Nakukumbusha ujumbe wangu wa Jumatatu. Fedha ya deni iliingia jana, naomba uthibitishe. Hadi leo saa kumi nitakuwa nangoja jibu la bei. Ikipita hapo sitakuwa na nafasi kwenye Fuso la kesho, na tutazungumzia gari la wiki ijayo."

Hakuna tishio hapa. Kuna taarifa ya kitakachotokea, na kitatokea kweli. Huo ndio mpaka kati ya uthabiti na kusukuma. Mtu thabiti anasema atakalofanya yeye mwenyewe kisha analifanya, na anayesukuma anasema litakalompata mwenzake. Ikiwa mama hana mchele wa kutosha kufika wiki ijayo, basi asiandike sentensi ya mwisho. Sentensi isiyo ya kweli ikishajulikana mara moja, hakuna itakayoaminiwa tena.

JIBU LA MZEE

Jibu lilifika Jumatano saa sita mchana:

"Marahaba mama. Fedha nimeiona, ahsante. Hiyo 70 unayouliza, vijiji vya karibu mpunga umeisha. Nafuata mbali, gari linanila sh. 30 kwa kila kilo ya mpunga. Na salfeti zimepanda. Taslimu nitakupa 2,380."

Mama akatumia hesabu ile ile. Sh. 30 kwa kilo ya mpunga, ukigawa kwa 0.65, ni kama sh. 46 kwa kilo ya mchele. Salfeti zikipanda sh. 500 kwa mfuko wa kilo 100, hiyo ni sh. 5 kwa kilo. Jumla ni sh. 51. Katika ile 70, sh. 51 ina maelezo, na inabaki kama sh. 19.

Swali limezaa matunda, ingawa matunda hayo hayampendezi mama. Amejua kwamba upande wa gharama nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Akiendelea kubishana juu ya gharama atapata sh. 19 kwa shida, na atakuwa amemwita mzee mwongo. Punguzo lililobaki litatoka kwenye thamani ya fedha taslimu. Hapo bado kuna nafasi. Kwa 2,380 mama amepunguziwa sh. 20 ilhali mkopo unamgharimu sh. 35.

UJUMBE WA TATU: KUKATAA BILA KUVUNJA

Hii ndiyo hatua ngumu, kwa sababu mama anatakiwa kusema hapana. Ujumbe wa kawaida huchukua moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kisasi: "Basi nitawaambia wote wa Tandika wasinunue kwako." Ya pili ni kulia: "Baba nionee huruma, punguza hata 50, Mungu atakulipa." Mara nyingi ya pili huhesabiwa kuwa ni unyenyekevu, lakini nayo ni kusukuma. Inamfanya mzee aonekane mkatili akikataa, na akikubali ataikumbuka kama deni. Mwezi ujao atalidai.

Mama aliandika hivi:

"Ahsante mzee kwa kunieleza, nimeelewa habari ya gari na salfeti. Ila kwa 2,380 taslimu sitaweza kuchukua magunia 60, kwa kuwa nakopa ili nikulipe yote na riba inakula faida. Naona njia mbili.

Ya kwanza, magunia 60 kwa 2,350, nalipa yote Alhamisi. Na mwezi ujao nitachukua 60 tena taslimu, kwa bei itakayofuata mpunga wa wakati huo.

Ya pili, magunia 30 kwa 2,380 kwa fedha yangu mwenyewe, bila mkopo.

Yoyote utakayochagua nitaikubali. Naomba uniambie leo ili nijue gari."

Msomaji aangalie kwamba njia ya pili si hila. Mama aliipima kabla ya kuiandika. Magunia 30 kwa 2,380 ni sh. 7,140,000, fedha aliyonayo. Hana riba, na faida inabaki sh. 96 kwa kilo, juu ya kikomo chake cha 80, mradi apate mwenzake wa kushirikiana naye nafasi iliyobaki kwenye Fuso ili gharama ya usafiri isipande. Kwa hiyo mzee akiichagua, mama hapati hasara. Anapata faida ndogo zaidi kwa jumla, kama sh. 288,000. Mtu anayetoa njia mbili ambazo zote anaweza kuzibeba hana haja ya kupandisha sauti.

Mzee alichagua ya kwanza. Kwa nini akubali kupoteza sh. 30 kwa kilo zaidi ya alivyotaka? Ukilinganisha na 2,400 ya mali kauli, amepunguza sh. 50, yaani sh. 300,000 kwa mzigo mzima. Lakini amepata sh. 7,050,000 mwezi mmoja mapema. Kwa bei ya 1,350, fedha hiyo inanunua magunia 52 ya mpunga leo. Ikiwa mpunga utapanda sh. 50 kwa kilo katika mwezi huo, kwa kununua mapema ameokoa kama sh. 260,000. Hapo hajahesabu mteja aliyeahidi magunia 60 mengine. Mzee hakushindwa. Alinunua kitu.

Kwa upande wa mama, faida kwa bei ya 2,350 baada ya kulipa riba ni kama sh. 91 kwa kilo, karibu sh. 544,500 kwa mzigo. Angekubali 2,400 kwa mali kauli angepata sh. 76 kwa kilo, yaani sh. 456,000. Tofauti ni sh. 88,500. Si utajiri. Lakini aanze hesabu kutoka kwenye ujumbe wake wa kwanza: mali kauli imekatwa, deni linadaiwa kwa haraka, na duka halina mchele wakati wenzake wanauza.

PALE BEI INAPOSHUKA NA DARAJA NALO LIKASHUKA

Kuna hatari moja ambayo huja baada ya makubaliano. Muuzaji aliyebanwa sana anaweza kurudisha punguzo lake kimyakimya kwa njia ya chenga. Gunia ni lile lile, bei ni ile iliyokubaliwa, lakini mchele mzima umechanganywa na uliovunjika. Hii hutokea zaidi kwa wateja wanaosukuma, kwa sababu muuzaji hana hamu ya kuwatunza.

Njia ya kutambua ni rahisi. Kabla ya kupakia, mtu wa mama achukue mchele kidogo kutoka magunia kadhaa, juu, katikati na chini, auchanganye, kisha apime gramu 100. Atenge chenga na kuzipima peke yake. Zikiwa gramu 15, chenga ni asilimia 15. Afanye hivyo kila mzigo na kuandika kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu neno "daraja lile lile" linakuwa na namba nyuma yake.

Mizani nayo isisahaulike. Malipo yawe kwa kilo zilizopimwa na si kwa idadi ya magunia. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na lumbesa ni kosa, hata pale inapoonekana kumpendelea mnunuzi.

Kwa sababu hizo, simu ya mwisho isiachwe hewani. Jioni ile ile mama aliandika: "Mzee ahsante. Tumekubaliana magunia 60 ya kilo 100, bei 2,350, chenga zisizidi asilimia 15, kupima na kupakia Alhamisi mchana, malipo yote benki baada ya kupima. Mwezi ujao 60, taslimu, bei kwa kufuata mpunga. Kama kuna nililokosea nirekebishe." Mzee akajibu neno moja, "Sawa". Neno hilo moja likiwa chini ya masharti yaliyoandikwa linatosha kumaliza ubishi wa mwezi ujao.

PALE AMBAPO HAIFAI

Njia hii haifanyi kazi kila mara. Ikiwa ongezeko lote la bei limeelezwa na mpunga na usafiri, na mnunuzi hana fedha taslimu wala mzigo mkubwa wa kuahidi, basi hana cha kubadilishana. Hapo uthabiti ni kununua kidogo, kupandisha bei dukani, au kuacha daraja hilo kwa muda na kuuza la chini yake. Ujumbe wa kuomba, hata ukiandikwa vizuri namna gani, hautabadilisha hesabu ya muuzaji.

Vilevile, haifai kwa muuzaji anayekataa kutaja sababu yoyote ya bei yake. Swali la sh. 70 likijibiwa kwa "ndiyo bei ya soko" mara mbili mfululizo, mnunuzi aache kuuliza na apime 2,400 kwa kikomo chake. Ikizidi, atafute mashine nyingine, kwanza akiwa amemaliza deni lake pale anapotoka. Wenye mashine wa Ubaruku na Igawa wanajuana, na habari ya mteja aliyehama na fedha za mtu hufika kabla ya Fuso lake.

ZOEZI

Chukua ujumbe wa mwisho uliomtumia muuzaji wako kuhusu bei. Piga mstari chini ya kila sentensi inayomsema yeye, na duara kwenye kila sentensi yenye namba, tarehe au kitu unachotoa. Kama mistari ni mingi kuliko duara, uandike upya. Anza na deni, kisha sababu ya bei unayoikubali, kisha sehemu usiyoielewa, kisha unachotoa na bei unayoiomba kwa ajili yake. Kabla ya kuutuma, andika kwenye daftari bei mbili za mwisho, moja ya taslimu na nyingine ya mali kauli. Kama hujazipata bei hizo mbili, bado hujawa tayari kuandika.